Volti za chuma hazijumlishwi kama betri za tochi

Nikiwa Fomu Siksi nilipoteza maksi zote za swali moja la elektrokemia na nilitoka kwenye chumba cha mtihani nikiwa na uhakika nimelipata. Swali lilikuwa fupi tu, umepewa potensheli sanifu mbili za chuma, tafuta ya tatu:

```
Fe³⁺ + e⁻  → Fe²⁺    E° = +0.77 V
Fe²⁺ + 2e⁻ → Fe      E° = -0.44 V
Fe³⁺ + 3e⁻ → Fe      E° = ?
```

Mi nikaona ukijumlisha milinganyo miwili ya juu unapata wa chini, Fe²⁺ inakatwa pande zote, elektroni 1 na 2 zinakuwa 3, safi kabisa, kwa hiyo na volti nazo nikajumlisha, 0.77 toa 0.44 ni +0.33. Nikapiga mstari chini. Jibu sahihi ni -0.04 hivi, yaani hata alama ilikuwa imegeuka.

Sasa hivi nafundisha tuisheni jioni na kila mwaka naliona kosa hilihili kwenye madaftari, na ukiwauliza wanafunzi wanakwambia "ticha si formula ya nishati ni ndefu tu bure". Si ndefu bure. Na nadhani najua kosa linatoka wapi, angalau langu lilitoka kwenye tochi. Sote tumekua tunajua ukipanga betri tatu za 1.5 kwenye tochi unapata volti 4.5, kwa hiyo kichwani imeshakaa kwamba volti zikifuatana zinajumlishwa. Kweli, lakini angalia kwa nini. Kwenye tochi elektroni ileile inasukumwa na betri ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa hiyo kila elektroni inabeba misukumo yote mitatu.

Kwenye chuma hakuna kitu kama hicho. Hatua ya kwanza inapokea elektroni moja, na hiyo elektroni ikishaingia imeingia, hatua ya pili inapokea elektroni nyingine mbili tofauti kabisa. Hakuna elektroni iliyopita njia zote mbili. Moja imepata mpango wa 0.77, mbili zimepata mpango wa -0.44, sasa unazijumlishaje kana kwamba ni mtu mmoja?

Volti ni joule kwa kila coulomb, yaani ni bei ya kilo, sio pesa yote uliyolipa. Ndo maana betri kubwa ya redio na ile ndogo ya saa ya ukutani zote zimeandikwa 1.5, kubwa ina kazi nyingi zaidi ndani yake lakini bei ya kila elektroni ni ileile. Na ndo maana pia ukizidisha mlinganyo wote mara mbili, 2Fe³⁺ + 2e⁻, potensheli inabaki 0.77, haiwi 1.54.

Chukulia mama anauza dagaa. Kilo moja amepata faida ya shilingi 770, kilo mbili zilizobaki amepata hasara ya shilingi 440 kwa kila kilo. Muulize kwa kilo amepataje, hawezi kukwambia amepata faida ya 330 kwa sababu 770 toa 440. Atapiga hesabu ya pesa kwanza: faida 770, hasara 440 mara mbili ni 880, kwa hiyo jumla amepoteza 110, gawa kwa kilo tatu ni hasara ya kama shilingi 37 kwa kilo. Hiyo ndo hesabu ya chuma neno kwa neno.

Pesa yenyewe kwenye kemia ni nishati huru ya Gibbs, ΔG° = -nFE°, ambapo n ni idadi ya elektroni na F ni takriban coulomb 96500 kwa moli ya elektroni. Hii inajumlishwa bila wasiwasi kwa sababu inategemea umeanzia wapi na umeishia wapi tu, kutoka Fe³⁺ mpaka Fe, upitie Fe²⁺ usipitie ni sawa. Haya tufanye:

Hatua ya kwanza, -1 × 96500 × 0.77, ni kama -74.3 kJ. Hatua ya pili, -2 × 96500 × (-0.44), ni +84.9 kJ. Jumla +10.6 kJ. Sasa rudi kwenye volti, gawa kwa -3 × 96500 (kumbuka kubadilisha kJ kuwa J, wengi wanadondokea hapa), unapata -0.037 V. Ukizoea utaona F inakatwa, kwa hiyo unaweza kuandika moja kwa moja (1 × 0.77 + 2 × -0.44) ÷ 3, ila kwa mtihani mi nashauri uonyeshe ΔG maana msahihishaji anataka kuona umeelewa.

Kuna mwanafunzi mmoja alinikamata vizuri hapa. "Ticha, mbona seli ya zinki na shaba tunachukua tu 0.34 na 0.76 tunapata 1.10, hatugusi ΔG?" Swali zuri sana hilo. Pale zinki inatoa elektroni mbili na shaba inapokea hizohizo mbili, kwa hiyo n ni ileile kila mahali, ukiandika ΔG zote na kugawa mwishoni n inakatika na unabaki na volti tupu. Elektroni zimesawazishwa, hazionekani kwenye mlinganyo wa mwisho. Kwa hiyo angalia mstari wako wa mwisho: elektroni zimeisha, tumia volti tu. Elektroni bado zipo, kama zile 3e⁻ zetu, pitia ΔG.

Nikisahihisha kuna kitu kingine nakiangalia. Jibu ni wastani wenye uzito, lazima likae kati ya namba mbili ulizopewa na liwe karibu zaidi na ile yenye elektroni nyingi. Lile langu la +0.33 lilikuwa katikati kweli, kwa hiyo lingeweza kukudanganya, ila lilikuwa karibu na 0.77 ya elektroni moja wakati -0.44 ndo ina elektroni mbili. Hapo ningeshtuka.

Na maabara inakubali. Weka msumari wa chuma kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, myeyuko unakuwa wa kijani hafifu, hiyo ni Fe²⁺, sio ile njano ya Fe³⁺. Kutoka Fe kwenda Fe²⁺ ni +0.44, kwenda Fe³⁺ moja kwa moja ni +0.04 tu. Halafu hata Fe³⁺ ikitokea, chuma kilichobaki kinairudisha, 2Fe³⁺ + Fe → 3Fe²⁺, volti 1.21, na hapa nimejumlisha 0.77 na 0.44 hivihivi kwa sababu elektroni zimekatika. Ndo maana watu wa maabara hutumbukiza msumari kwenye chupa ya Fe²⁺ isije ikageuka.

Jaribu shaba mwenyewe: Cu²⁺ kwenda Cu⁺ ni +0.15, Cu⁺ kwenda Cu ni +0.52. Ukipata 0.67 umerudi kwenye tochi.