Ushahidi wa kimazingira: mambo niliyochelewa kuyajua nilipoanza uwakili

Wakili anayeanza kazi huwa na imani moja kati ya mbili, na zote mbili ni potofu. Kuna anayedhani kwamba kesi isiyo na shahidi wa macho imekwishakufa, na kuna anayedhani kwamba mambo mengi ya kutilia shaka yakikusanywa pamoja hugeuka kuwa uthibitisho. Mahakama za Afrika Mashariki zimekataa yote mawili kwa muda mrefu. Katika shauri la Simoni Musoke la mwaka 1958, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kipimo ambacho bado tunakitumia kwa ushahidi wa kimazingira, yaani ule unaotokana na mambo yanayolizunguka tukio badala ya mtu aliyeliona: mambo yanayomwelemea mshtakiwa yawe hayapatani kabisa na kutokuwa kwake na hatia, na yasiweze kuelezeka kwa namna nyingine yoyote ya busara isipokuwa kwamba yeye ndiye aliyetenda kosa. Miaka sita kabla ya hapo, katika shauri la Teper, lililohusu duka lililodaiwa kuchomwa moto na mwenyewe, majaji wa rufaa mjini London walikuwa wameongeza tahadhari kwamba, kabla ya kufikia hitimisho la hatia, ni lazima kuhakikisha hakuna mazingira mengine yaliyokuwepo sambamba ambayo yanalidhoofisha au kulivunja hitimisho hilo.

Kipimo hicho ni rahisi kukariri, ila kukitumia ni kazi. Nitakionyesha kwa mfano nilioutunga kwa ajili ya mawakili wapya. Mwendesha bodaboda anaonekana kijiweni Jumamosi saa 2 usiku akimpakia mshtakiwa. Jumatatu asubuhi mwili wake unakutwa kichakani, kilomita 12 kutoka hapo. Siku ya 9 polisi wanamkuta mshtakiwa katika wilaya ya jirani akiwa na pikipiki isiyo na kibao cha namba za usajili. Anasema aliinunua mnadani, lakini inabainika kwamba siku aliyoitaja hapakuwa na mnada. Tena inathibitika kwamba aliondoka kijijini kwao bila kumuaga mtu. Anashtakiwa kwa kuua kwa kukusudia.

Swali la kwanza ni kujua yapi kati ya mambo hayo ni viungo vya mnyororo na yapi ni nyuzi za kamba. Majaji wetu hupenda kusema kwamba mazingira lazima yaunde mnyororo kamili, lakini mwaka 1866, katika shauri la Exall huko Uingereza, jaji Pollock alisema ushahidi huu unafanana zaidi na kamba, kwa kuwa uzi mmoja huenda usiubebe mzigo ilhali nyuzi kadhaa zikisokotwa pamoja huubeba. Kwa maoni yangu picha zote mbili ni sahihi, kila moja mahali pake. Jambo ambalo likiondolewa hitimisho lote linaanguka ni kiungo, na lazima lithibitishwe lenyewe bila kuacha shaka lenye msingi. Jambo linaloongeza uzito tu ni uzi, na udhaifu wake hauivunji kesi.

Katika mfano wetu, kiungo kikubwa ni kwamba pikipiki iliyokutwa na mshtakiwa ndiyo ileile ya marehemu. Rangi na aina havitoshi, kwa sababu barabara zetu zimejaa pikipiki zinazofanana. Namba ya chesesi na ya injini zilizomo kwenye kadi ya pikipiki zilingane na zilizomo kwenye hati ya ukamataji mali, kwenye hati ya mashtaka na kwenye kielelezo kilichopokelewa mahakamani. Mmiliki naye aeleze alama zake za pekee kabla ya kuonyeshwa chombo, si baada ya kukitazama na kukizunguka. Hapo ndipo kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni, inayoruhusu dhana kwamba aliyekutwa nayo bila maelezo ya kueleweka ndiye aliyeiiba, inapoanza kufanya kazi. Neno «karibuni» halina idadi maalumu ya siku. Hutegemea jinsi mali yenyewe inavyopita mikononi mwa watu. Simu inaweza kubadili wamiliki watatu kwa siku moja, lakini pikipiki yenye kadi huenda polepole zaidi, kwa hiyo siku 9 bado zina uzito.

Je, kukutwa na pikipiki kunaweza kumfikisha mtu kwenye hatia ya mauaji? Kunaweza. Katika shauri la Bakari Abdulla la mwaka 1949, mahakama ileile ya rufani ilikubali kwamba dhana hiyo inaweza kufika hadi kwenye kosa lolote, hata liwe na adhabu kali kiasi gani, iwapo mazingira yote hayaelekei kwingine kwa busara. Sharti hilo la mwisho ndilo wengi wanalolisahau. Mtu aliyepokea mali ya wizi naye hukutwa nayo, na usipoondolewa uwezekano huo, kinachobaki ni kosa la kupokea mali ya wizi, tena iwapo nalo limethibitishwa.

Upande wa mashtaka huziba pengo hilo kwa kanuni ya mtu wa mwisho kuonekana na marehemu, ambayo humtaka mshtakiwa atoe maelezo ya kueleweka kuhusu namna walivyoachana. Hapa nawasihi msimame kidogo. Kazi ya bodaboda ni kupakia watu, na abiria wa mwisho kuonekana si lazima awe abiria wa mwisho kupakiwa. Kati ya Jumamosi saa 2 usiku na Jumatatu asubuhi kuna zaidi ya saa 30. Daktari asiposema kifo kilitokea takriban lini, na wenzake wa kijiweni wasipoulizwa kama alirudi usiku ule, muda huo ni pengo halisi linalozaa shaka lenye msingi. Ni tofauti na shaka la kubuni, kama kudai kwamba huenda kuna mtu anayefanana na mshtakiwa, bila chochote kwenye ushahidi kinachoelekea huko.

Uongo kuhusu mnada na kuondoka bila kuaga ni nyuzi. Mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha maelezo yake. Inatosha yawe yanaweza kuwa kweli kwa busara. Akidanganya, uongo huongeza nguvu kwenye kesi iliyokwisha kusimama, lakini hauzibi pengo, kwa sababu aliyenunua mali ya wizi naye ana sababu ya kudanganya. Kukimbia ni vivyo hivyo: mahali ambapo wananchi wenye hasira huweza kumchoma mtu kabla polisi hawajafika, hata asiye na kosa hukimbia.

Katika utetezi wangu wa mwanzo nilitumia karibu muda wote kushambulia nyuzi za namna hii, nikamhoji shahidi kwa urefu kuhusu kutoroka kwa mteja wangu, na hati ya ukamataji ikapita bila swali hata moja. Niliisoma kwa makini wakati wa kuandaa rufaa, nikakuta tarakimu moja ya namba ya chesesi haifanani na ile iliyomo kwenye kadi. Nilikuwa nimekaa na karatasi zote mbili mezani kwangu miezi kadhaa.

Kwa mfano wetu, ningekuwa upande wa Jamhuri, mtu wa kwanza ambaye ningetaka aandikishwe maelezo, kabla hata ya hati ya mashtaka kuandaliwa, ni dereva aliyebaki kijiweni hadi usiku wa manane Jumamosi ile.