Elsii au kutuma pesa moja kwa moja? Yaliyonipata na nyavu

*Swali: Nina duka la vifaa vya uvuvi hapa Lamu. Nataka kuagiza injini 12 za boti kutoka China, jumla dola 14,400. Muuzaji anataka asilimia 30 sasa na 70 kabla ya kupakia. Benki inanishauri nifungue elsii. Ipi ni salama?*

Salaam kaka. Nimelipa kwa njia zote mbili, na hasara kubwa niliipata kwa ile inayosifiwa usalama.

Niliagiza nyavu za dola 16,000, macho ya inchi 4, nikitaka ziwahi kaskazi. Nikafungua elsii, yaani benki yangu ikamwahidi muuzaji kwamba akileta hati tulizozitaja, zikiwa vilevile tulivyozitaja, atalipwa. Kwa kuwa sina dhamana ya maana pale benki, walizuia pesa yote kwenye akaunti yangu siku hiyohiyo. Ada zikafika kama dola 500.

Hati nilizotaja ni tatu: ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena, ile kampuni ya meli huitoa mzigo ukishapakiwa. Hakuna mtu aliyetakiwa kushika wavu akaupima. Kanuni zinazotumika kwa elsii, UCP 600, zinasema wazi kwamba benki hushughulika na hati, si bidhaa. Ankara ikisema inchi 4, kwa benki hiyo ni inchi 4.

Elsii ilitaka mzigo upakiwe si zaidi ya Septemba 15. Hati ya shehena ikaja na tarehe ya Septemba 19. Hiyo ni kasoro, na hapo ahadi ya benki kwa muuzaji inalegea. Huyu ndiye anayebaki roho juu, maana mzigo wake uko baharini na malipo hana. Benki wakanipigia simu: unaikubali kasoro au tukatae? Nami wateja walikuwa wakiniuliza nyavu kila asubuhi. Nikasema nakubali, tena kwa haraka. Ningeweza kumwambia muuzaji kwanza akubali mkaguzi aupime mzigo ukifika bandarini, ndipo nikubali. Mlango wa kukataa ulikuwa huo tu, nikaufunga kwa mkono wangu.

Marobota yakaja kwa lori mpaka Mokowe, yakavushwa kwa mashua. Mvuvi mmoja akafungua robota, akavuta jicho la wavu likanyooka, akalipima kwa rula fundo hadi fundo: inchi 3. Benki haikukosea kitu, ilikuwa imeshalipa kwa haki. Nyavu niliziuza kwa bei ya kutupa.

Sasa kwako. Kutuma pesa ni rahisi na ada yake ni ndogo, lakini ikishaingia kwenye akaunti ya muuzaji, benki yako inaweza kuomba tu irudishwe, naye anaweza kukataa. Asilimia 70 kabla ya kupakia maana yake dola 14,400 zote ziko kwake na injini bado ziko ghalani mwake. Hayo usiyakubali. Mwambie utatoa 4,320 sasa, na 10,080 akikutumia nakala ya hati ya shehena, huku ile halisi akiishika yeye. Bila hati hiyo, au bila yeye kuruhusu mzigo uachiliwe, hutoi kitu bandarini Mombasa, kwa hiyo naye hana sababu ya kukuogopa sana. Hatari yake ni wewe kukwama na salio, mzigo ukakaa bandarini ukila gharama za ghala. Kwa ajili hiyo ndiyo anashika zile 4,320.

Kwa kiasi chako mimi ningetuma pesa kwa mpango huo, na zile dola za ada za elsii ningezilipa kwa mkaguzi wa huko China, mtu niliyemchagua mimi. Elsii ningeifikiria kama ni kontena zima, au kama muuzaji simjui kabisa, na hapo cheti cha mkaguzi huyo ningekitaja kwa jina kama hati ya nne.

Mkaguzi aende kabla ya kupakia. Mwandikie cha kupima, usimwambie "akague ubora". Kwa injini, la kwanza ni urefu wa shafti: fupi ni kama inchi 15 na ndefu kama inchi 20, na ukiletewa fupi kwa boti zenye tezi ya juu, panga litazunguka hewani. Afungue makasha matatu anayoyachagua mwenyewe, si yale anayosogezewa, awashe injini kwenye pipa la maji, na apige picha ya namba ya kila injini, zote 12. Namba hizo ziandikwe kwenye ankara.

Na ikija barua pepe kwamba akaunti yao imebadilika, hata ikitoka kwenye anwani ileile, usitume. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si iliyo kwenye barua hiyo.