"Mimi" ni neno gani katika hotuba ya mahafali ya Kivietinamu?

"Mwalimu, shikamoo. Ninasoma chuo kikuu huku Hanoi, na darasa limenichagua nitoe hotuba ya shukrani siku ya mahafali kwa Kivietinamu. Nimetumia 'tôi' kwa maana ya 'mimi' mwanzo hadi mwisho. Rafiki mwenyeji aliyeipitia anasema sarufi haina kosa, ila ninasikika kama mtu anayesoma tangazo. Nirekebishe wapi?"

Marahaba. Kasoro ni hiyo "tôi" yenyewe. Kivietinamu hakina "mimi" moja inayomfaa kila msikilizaji: msemaji hujitaja kwa nafasi aliyo nayo mbele ya anayemsikiliza, na majina ya nafasi hizo mengi yametoka katika ukoo. Sisi tunalijua jambo hili kidogo, kwa kuwa anayemwandikia mzazi barua humaliza kwa "mimi mwanao". Mvietinamu hufanya hivyo katika kila sentensi, tena bila ya hiyo "mimi". "Tôi" si tusi, lakini huwaweka watu wote umbali mmoja na wewe, na mwalimu aliyekufundisha hastahili kuwekwa mbali namna hiyo.

Kwa kuwa wasikilizaji wako ni wa aina tatu, utajitaja kwa namna tatu. Kwa walimu wewe ni "em", yaani mdogo wao, na darasa zima ni "chúng em". Sentensi ya shukrani itakuwa "Chúng em xin chân thành cảm ơn thầy cô", ambapo "thầy" ni mwalimu mwanamume na "cô" ni mwalimu mwanamke. Ukigeukia wazazi unakuwa "con", mtoto, na darasa ni "chúng con": "Chúng con xin cảm ơn cha mẹ". Nimechagua "cha mẹ" kwa makusudi, kwa sababu nyumbani watu wa kaskazini husema "bố mẹ" na wengi wa kusini husema "ba mẹ" au "ba má", ilhali "cha mẹ" hukubalika kote katika lugha ya hotuba. (Kusini utasikia pia wanafunzi wakijiita "con" mbele ya mwalimu, Hanoi shikilia "em".)

Sehemu ya wanafunzi wenzako ndiyo yenye mtego kwetu, kwa sababu "sisi" ya Kiswahili haionyeshi kama anayeambiwa yumo au hayumo. Kivietinamu hutenganisha: "chúng ta" humjumuisha msikilizaji, "chúng tôi" na "chúng em" humwacha nje. Ukiwaambia wenzako "Ngày mai chúng ta mỗi người một nơi", yaani kesho kila mmoja wetu atakuwa mahali pake, umesema sawasawa. Lakini ukiwageukia walimu na kusema "Chúng ta cảm ơn thầy cô", umewaingiza walimu katika kundi la wanaojishukuru wenyewe. Pitia rasimu yako kwa kalamu, na kila penye "chúng" uandike pembeni unayemtazama usoni wakati huo. Nafsi isiyolingana na uso huo itajitokeza yenyewe.

Salamu za mwanzo hufuata ngazi, wakubwa kwanza: "Kính thưa quý thầy cô, kính thưa các bậc phụ huynh, các bạn thân mến". "Kính" ni heshima kwa walio juu yako, na wenzako hupewa "thân mến", wapendwa. Kisha sema kwamba unazungumza kwa niaba ya darasa: "Em xin thay mặt các bạn". Neno kwa neno, "thay mặt" ni kushika nafasi ya uso wa mwingine.

Limebaki la sauti, ambalo karatasi haitakuonya. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukiyasoma "thầy cô" kama neno moja utaipandisha "thầy", nayo itasikika "thấy", yaani kuona. Ukiisoma bila kuishusha kabisa inakuwa "thây", ambayo ni maiti, na neno hili utalitamka zaidi ya mara kumi mbele ya walimu waliokaa safu ya kwanza. Alama ya "thầy" inadai sauti ishuke taratibu, kisha "cô" ibaki juu bila kupanda wala kushuka. Vivyo hivyo, ukipendelea "bố mẹ", hakikisha "bố" inapanda, kwa maana "bỏ mẹ" ni kumtelekeza mama, na mitaani ni neno la matusi. Jirekodi kwa simu ukisoma salamu peke yake, kisha mpe rafiki yako asikilize bila kuona karatasi na aandike anachosikia. Akiandika "thấy" au "thây" hata mara moja, rudia salamu hiyo kabla ya kugusa aya nyingine.