Kugeuza mistari ya kitaa iwe Kiswahili sanifu kwa ajili ya mahafali

Kama kuna dogo kaandika mistari yake ya kitaa na shule inataka Kiswahili sanifu kwenye mahafali, usianze na kubadilisha neno kwa neno, anza na mizani. Mimi nilimsaidia mdogo wangu wa kidato cha nne hapa Temeke, mistari yake ilikuwa hivi:

Dingi kasepa kitambo, maza ndo anakomaa
Buku mbili ya msosi, shule nakwenda na njaa

Hesabu silabi utaona kila kipande kina nane, yani dogo bila kujua kaandika mizani ya shairi la kawaida kabisa, na kina cha mwisho ni -aa. Sasa ukigeuza kama kamusi unapata "Baba aliondoka zamani, mama ndiye anayejitahidi", hapo ni kumi kwa kumi na moja na kina kimekufa, na kwenye biti utajua tu maana mwimbaji anaanza kumeza silabi au anavuta pumzi katikati ya neno. Sisi tulifika hapa:

Baba kaenda kitambo, mama ndiye ashupaa
Elfu mbili za chakula, shule nakwenda na njaa

Nane nane zimerudi. Hiyo "ka" ya "kaenda" mwalimu akiikataa mwambie washairi wanaitumia tangu zamani, si ya mtaani. Na kipande cha mwisho hatukukigusa, kilikuwa sanifu tayari, kwahiyo kabla hujafuta kitu angalia kwanza kama kweli kina kosa.

Ila kuna vitu vimeondoka na inaniuma. "Buku mbili" ni hela iliyokunjwa mkononi mwa mtu anayeenda gengeni, "elfu mbili" imekuwa kama swali la hesabu. "Maza" ilikuwa inakwambia anayeongea ni kijana wa kiume wa kitaa anayempenda mama yake kwa lugha yake, ukiweka "mama" anakuwa mtoto yeyote yule.

Kubwa zaidi ni "kasepa". Mtu akisepa kaondoka kimyakimya, hajaaga, na anayesimulia hajasema kama ana hasira au la. Ukisema "katoroka" unamshtaki baba mbele ya wazazi ukumbini, ukisema "katutoka" ukumbi mzima utajua ni msiba, "katuacha" nayo ina utata huohuo na inazidisha silabi moja. "Kaenda" inakaa vizuri kwenye mizani lakini mtu anaweza kudhani baba yuko safari ya kikazi.

Kwahiyo ushauri wangu, chagua neno moja tu ambalo halina mbadala ukaliombee ruhusa, usiombee yote maana utanyimwa yote. Nenda na mistari miwili imeandikwa, ya sanifu na ya kitaa, mwalimu aone kazi imefanyika, afu dogo mwenyewe ndo aeleze kwanini anataka lile neno. Wetu aliomba "kasepa", mwalimu akakubali kwa sharti kwamba kwenye karatasi liwekwe ndani ya alama za kunukuu.