Mtihani wa historia kwa watu wazima wa masomo ya jioni

"Wanafunzi wangu wa jioni darasani wanajadili vizuri, lakini kwenye insha ya historia wanaandika nusu ukurasa tu. Nipunguze ugumu?"

Mwalimu mwenzangu, ugumu uache, badilisha umbo la swali. Aliyekaa miaka mingi bila kuandika hukwama kwenye kasi ya mkono na kupanga insha, na hayo siyo historia unayoipima.

Chukua Mkutano wa Berlin wa 1884–1885. Badala ya "Jadili matokeo yake", wape maelezo mafupi ya Ibara ya 35 ya mkataba wa mkutano huo: nchi iliyotwaa sehemu ya pwani ya Afrika ilitakiwa kuwa na mamlaka ya kutosha pale kulinda haki zilizopo. Kisha gawa alama 10: sharti linataka nini (2), linahusu eneo gani (3), na je, linathibitisha kwamba bara zima liligawanywa mezani Berlin? (5). Swali la mwisho ndilo lenye uzito, maana wengi watajibu ndiyo kwa mazoea, ilhali maandishi yanataja pwani tu.

Kwenye somo la uraia, tatizo hugeuka. Mtu mzima ana uzoefu mwingi wa ofisi za serikali, hivyo hujibu kwa maoni yake na kuiacha ibara uliyompa. Andika ndani ya swali lenyewe: "Taja maneno ya ibara unayoyategemea." Maoni yasiyo na maneno hayo yasipate alama za ushahidi, hata yakiwa ya busara. Hilo waambie kabla ya mtihani, kwa jibu moja mlilolisahihisha pamoja ubaoni.