HSIL kwa ripoti ya papsmia

"Ripoti yangu imeandikwa HSIL. Dada yangu alipata LSIL akaambiwa arudi baada ya mwaka, mbona mimi natumwa kolposkopi haraka? Ni kansa?"

Pole sana, hizo herufi zinanyima mtu usingizi. HSIL si kansa, ni seli za mlango wa kizazi zimebadilika sana na zikiachwa miaka mingi zinaweza kugeuka kansa. LSIL ya dada yako ni seli zimebadilika kidogo, mara nyingi ni virusi vya HPV tu, na mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, ndio maana yeye anaweza kungoja. Wewe usikubali kurudia papsmia peke yake, hata ikitoka safi haifuti hii, brashi inaweza kukosa pale mahali penyewe.

Kolposkopi ni kuangalia mlango wa kizazi kwa kioo cha kukuza, unalala tu kama siku ya papsmia, daktari anapaka kitu kama siki kwa mlango wa kizazi, penye seli mbaya panageuka peupe, halafu anakata kipande kidogo cha bayopsi, na hicho sasa ndicho kinaonyesha shida imefika wapi. Kikisoma CIN 2 au CIN 3, yaani seli zimebadilika kiasi cha kati au sana, kwa kawaida wanatoa hiyo sehemu kwa kawaya ka umeme, inaitwa LEEP, unadungwa ganzi na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, kisha unapimwa tena kama baada ya miezi 6.

Kama uko na mimba waambie mapema, matibabu huwa yanangoja ujifungue. Na kama unaishi na HIV pia sema, watakufuatilia kwa karibu zaidi.