Mgeni akikuomba umpitishe kituo cha watoto yatima

Kuanzia Juni hadi Septemba huwa napigiwa simu na ndugu zangu waongoza watalii wa Moshi na Arusha. "Dada, nina wageni wameshuka mlimani, wamebakiwa na siku moja, wana begi la midoli. Niwapeleke kituo gani?" Wananiuliza mimi kwa sababu nilikuwa mlezi kituoni kwa miaka kadhaa, kabla sijaingia kwenye kazi ya kurudisha watoto makwao. Jibu langu ni usiwapeleke kokote. Wengine hudhani nina kinyongo na mabosi wangu wa zamani, kwa hiyo acha nieleze.

Kinachowayeyusha wageni ni mapokezi. Gari likiingia getini, watoto wa miaka miwili mitatu wanalikimbilia, wanaomba kubebwa, wanajipakata wenyewe kwa watu wasiowajua. Mgeni anasema watoto hawa wana upendo wa ajabu. Sasa mfikirie mwanao wa umri huo: akija mtu asiyemzoea, si anajificha nyuma ya kanga ya mama yake na kuchungulia? Mtoto anayemkumbatia kila anayekuja mara nyingi ni mtoto asiye na mtu wake mmoja. Huko Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa vituoni, kuanzia mwaka 2000 na kuendelea. Waliikuta tabia hiyohiyo. Nusu yao walipelekwa kwenye familia za kulea, na waliowahi kupelekwa kabla ya kufikisha miaka miwili ndio waliojenga vizuri zaidi uhusiano na mlezi mmoja.

Sisi walezi tulikuwa wachache, kwa zamu, na hilo peke yake lilikuwa tatizo. Volontia walilizidisha. Alikuwepo mvulana wa miaka mitatu aliyechukuliwa na binti mmoja mchangamfu wa Ulaya, na binti wa watu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Akawa anamlisha yeye, anamwogesha yeye, anambembeleza mpaka alale. Wiki tatu zikaisha, akaaga, picha zikapigwa. Kesho yake mtoto alisukuma sahani ya uji, akaanza tena kukojoa kitandani, na kila gari likipita alikuwa ameshika nondo za geti. Baada ya siku kadhaa akaja volontia mwingine, mambo yakawa yaleyale. Kufikia wa nne hakulia tena alipoondoka. Meneja alifurahi kwamba mtoto amezoea. Mimi ndipo nilipoogopa.

Na mama yake alikuwepo. Alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa, mwendo wa saa moja kwa daladala. Alimleta kwa sababu aliambiwa mtoto atasomeshwa bure. Vitanda vingi kwenye vituo vya namna hii vinalaliwa na watoto wenye mzazi hai au bibi anayewataka, waliokosa ada na chakula tu. Volontia hulipa kwa wiki, sehemu ya fedha inakuja kituoni, na hakuna anayelipa kutazama vitanda vitupu. Mama huyo alipopata nafuu na kutaka mwanawe, aliambiwa asubiri kwanza wafadhili wa Agosti waondoke.

Kenya waliliona hili, wakasimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na sasa wanasisitiza malezi ya familia.

Wewe mwenye gari unaweza kukipima kituo kwa simu moja. Waambie una wageni sita, hawana barua yoyote, wangependa kucheza na watoto leo mchana. Wakikujibu "karibuni sana", umeshajua: hapo hata mtu mwenye nia chafu angeingia. Kituo kinachojiheshimu kitakuambia watoto hawatembelewi, na kitakuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye anapaswa kujua kila mtoto aliyeko humo amefikaje. (Haya yanatuhusu na sisi wenyewe tunaobeba mchele na sukari sikukuu, kisha tunawapanga watoto mstari kwa ajili ya picha ya kundi la WhatsApp.)

Mgeni usimkaripie. Mwambie kwa upole kwamba kwa hapa mtoto wa mwenzio hapigwi picha na wapita njia, kama ilivyo kwao. Madaftari na midoli yapelekwe ofisi ya ustawi ya halmashauri, wao wanazijua kaya zinazokaribia kumtoa mtoto. Akiwa na fedha, ada na sare za mtoto anayeishi na bibi yake zitafika mbali zaidi. Akiwa na ujuzi, tuseme ni mtaalamu wa viungo, awafundishe walezi namna ya kumnyoosha mtoto mwenye ulemavu, na mikono inayomshika mtoto iwe ya mlezi atakayekuwepo mwezi ujao.